HESABU: TANKI YA GAZI YENYE UMBO LA MUPIRA, INAENEA NGAPI, NA TUIJAZE MPAKA WAPI?

Ndugu wanafunzi, mu somo la jeometri tulijifunza volimu ya mupira. Wengine wanauliza: hii fomula inatumika wapi inje ya darasa? Leo tutaitumia kwa kitu kimoja cha kweli, ni ile tanki kubwa ya chuma ya kuwekea gazi ya kupikia. Hesabu yenyewe ni fupi. Lakini kuko mtego ndani yake, na ule mtego umefichwa pahali watu hawafikiri.

1. TANKI YETU

Kwa kiwanda cha kusafishia petroli cha Feyzin, karibu na mji wa Lyon kule Ufaransa, mwaka 1966 kulikuwa tanki nane za namna hii. Ine zilikuwa za propani, kila moja m³ 1200, na ine zingine za butani, kila moja m³ 2000. Tutachukua tanki ya ukubwa kama ile ya m³ 1200.

Juu ya nini wanaifanya mupira, si sanduku? Sababu propani inakaa majimaji kama ikifungiwa kwa nguvu tu, na ile nguvu (presio) inasukuma pande zote sawasawa. Sanduku ingevimba kwa ubavu na kupasuka kwa pembe. Mupira hauna pembe.

2. KUPATA VOLIMU

Mu kitabu fomula inaandikwa kwa nusu ya diametri. Lakini mtu wa kazi hawezi kufika katikati ya tanki apime ile nusu. Anazungusha ruba ya kupimia kwa tumbo la tanki, pahali inapopita upana wote. Kwa hiyo inafaa fomula ya diametri:

V = πD³ / 6

Tuseme ruba inasoma meta 41,66. Tunagawanya kwa 3,1416, tunapata meta 13,26. Je, hiyo ndiyo D yetu? Hapana. Hiyo ni diametri ya inje. Gazi inakaa ndani, na chuma kina unene. Tuseme unene ni sentimeta 3. Tunauondoa mara mbili, maana chuma kiko upande huu na upande ule:

D = 13,26 − 0,06 = 13,20 m

Sasa:

13,20 × 13,20 × 13,20 = 2299,97
2299,97 × 3,1416 / 6 = 1204,3 m³

Mwanafunzi akisahau unene wa chuma, atapata m³ 1220,8. Tofauti ni karibu m³ 16 na nusu, ndiyo kusema litri zaidi ya elfu kumi na sita ambazo haziko. Sentimeta tatu tu za chuma! Ni vile diametri inazidishwa mara tatu, na kosa dogo linazidishwa pamoja nayo.

3. HATUJAZI YOTE

Tanki yetu inaenea m³ 1204,3. Lakini kwa propani ya majimaji, kawaida wanasimama kwa 85 juu ya 100. Ile nafasi ya juu wanaiacha kwa mvuke.

1204,3 × 0,85 = 1023,6 m³

Hiyo ndiyo volimu tunayoweza kutumia. Nafasi ya kuacha ni m³ 180,7.

Watu wengine wanaona ni kupoteza nafasi. Angalieni sababu yake. Ukichukua litri 100 za maji yenye joto la digri 20, ukayapasha mpaka digri 50, yanakuwa litri 101. Propani, kwa joto lile lile, litri 100 zinakuwa 111. Inavimba mara kumi kupita maji.

Tulinganishe uzito. Kwa digri 20, m³ moja ya propani ya majimaji ina kilo 500. Kwa digri 40 ina kilo 467, na kwa digri 50 ina kilo 449 tu. Kilo za ndani ya tanki hazibadiliki, sababu tanki imefungwa. Kinachobadilika ni nafasi zinayoitaka.

Tuijaribu. Tumejaza m³ 1023,6 kwa digri 20:

1023,6 × 0,500 = tani 511,8

Kisha joto linapanda mpaka digri 50:

511,8 / 0,449 = 1139,9 m³

Tanki inaenea 1204,3. Ingali na nafasi ya m³ 64. Hakuna hatari. Ni kweli tanki kubwa haipati joto la digri 50 kwa siku moja, maana majimaji mengi yanachelewa kupata moto na tanki inapakwa rangi nyeupe. Lakini mpaka unawekwa kwa siku mbaya, si kwa siku nzuri.

Jambo moja tena: kama propani ilitiwa ikiwa baridi, kwa mfano digri 5, ile 85 haiachi tena nafasi kubwa. Kwa digri 5, m³ moja ina kilo 522. Ikifika digri 50, tanki itajaa karibu 99 juu ya 100. Kwa hiyo, anayejaza anasoma kwanza termometri. Mpaka wa kweli ni wa kilo. Volimu ni njia tu ya kuzipima.

4. MTEGO: UREFU SI VOLIMU

Hapa ndipo muamshe macho. Mtu wa kazi haoni m³ ndani ya tanki. Chombo chake kinamwonyesha urefu wa majimaji kutoka chini. Mtu asiyefikiri anasema: «Tanki ina urefu wa meta 13,20. Wanataka 85 juu ya 100. Basi, 13,20 × 0,85 = meta 11,22. Nitasimama pale.»

Je, ni sawa? Kwa pipa lililosimama, ni sawa kabisa, maana pipa lina upana mmoja toka chini mpaka juu. Lakini mupira ni mwembamba chini, mnene katikati, tena mwembamba juu. Volimu ya majimaji yenye urefu h ndani ya mupira ni hii:

V = πh² (3D − 2h) / 6

Tuihakikishe kwanza. Tukiweka h = D, inabaki πD³/6, ndiyo mupira mzima. Vizuri.

Sasa tuweke h = 11,22:

11,22 × 11,22 = 125,89
3 × 13,20 − 2 × 11,22 = 17,16
125,89 × 17,16 × 3,1416 / 6 = 1131 m³

Hiyo si 85 juu ya 100. Ni 94 juu ya 100! Yule mtu ametia m³ 107 kupita mpaka, karibu tani 54, na yeye anaamini amefuata sheria.

Tufuate matokeo yake. Tani zake ni 1131 × 0,500 = 565,5. Zikifika digri 40:

565,5 / 0,467 = 1211 m³

Tanki inaenea 1204,3. Majimaji yanataka nafasi ambayo haiko. Maana yake, mbele ya kufika digri 40 tanki imekwisha kujaa kabisa, hakuna mvuke tena.

Ni urefu gani basi ulio wa haki? Tunatafuta h inayotupa m³ 1023,6. Jaribuni meta 10: inapita kidogo. Jaribuni 9,90: inapunguka. Kwa 9,97 inaenea vizuri. Kwa mupira wowote ni vile vile: 85 juu ya 100 ya volimu iko kwa urefu wa karibu 0,756 ya diametri. Mwandike hiyo namba mu daftari yenu.

Kwa kazi ya kweli, tanki haiko mupira kamili wa kitabu. Kwa hiyo wanaipima yote na kutengeneza jedwali: urefu huu, m³ hizi. Mtu wa kazi anasoma jedwali. Lakini anayejua fomula anaweza kutambua kama jedwali lina kosa, ao kama amechukua jedwali la tanki ingine.

5. TANKI IKIJAA KABISA, KUNATOKEA NINI?

Wakati mvuke uko juu, presio inafuata joto peke yake. Kwa digri 20, manometri ya tanki ya propani safi inasoma kidogo kupita bari 7. Joto likipanda, majimaji yanavimba, mvuke unajibana na kugeuka majimaji, na presio inapanda polepole.

Mvuke ukiisha, mambo yanageuka. Majimaji hayakubali kubanwa. Kila digri moja ya joto inaongeza bari kadhaa. Dalili ni hii: manometri inapita namba inayolingana na termometri, na inaendelea kupanda mbio. Hapo supape ya usalama inafunguka, na kinachotoka si mvuke ni majimaji, yanayogeuka wingu kubwa la gazi. Lile wingu ni zito kupita hewa. Linatambaa chini kwa udongo, linatafuta moto.

Tarehe 11 Julai 1978, kule Uhispania, kwa kambi ya wasafiri ya Los Alfaques, gari lililobeba propileni, gazi ya jamaa moja na propani, lililipuka. Watu zaidi ya 200 walikufa. Lilitiwa zaidi ya tani 23, na haki yake ilikuwa karibu tani 19.

Lakini tusichanganye mambo. Kule Feyzin, tarehe 4 Januari 1966, tanki ya propani ililipuka na watu 18 walikufa, lakini sababu haikuwa kujaza kupita mpaka. Walikuwa wakitoa maji chini ya tanki, robine ikagandishwa na baridi ya gazi, haikufungika tena, wingu likatoka na kukuta moto kwa barabara. Hesabu nzuri ya volimu inafunga mlango mmoja wa hatari. Milango mingine iko.

MAZOEZI

a) Tanki ya butani ina diametri ya ndani ya meta 15,60. Tafuta volimu yote, volimu ya 85 juu ya 100, na urefu wa majimaji pale.

b) Butele ya nyumbani inaenea litri 26. Inatiwa kilo 13 za butani. Litri moja ya butani ya majimaji ina kilo 0,58. Butele imejaa ngapi juu ya 100?

c) Tanki ya mupira ina majimaji mpaka nusu ya urefu. Juu ya nini hapo hakuna haja ya fomula ndefu?

MAJIBU (msiangalie mbele ya kujaribu!)

a) m³ 1988, m³ 1690, karibu meta 11,79.
b) Litri 22,4, ndiyo 86 juu ya 100.
c) Sababu nusu ya chini na nusu ya juu ni sawasawa. Ni pahali pamoja tu, toka tupu mpaka kujaa, ambapo urefu na volimu vinasema neno moja.