Maandishi Chini ya Kibandiko: Jinsi ya Kuyarudisha Katika Picha

Bidhaa nyingi zifikapo dukani huongezwa kibandiko kidogo cha karatasi chenye bei na msimbo pau, yaani ile mistari myeusi ya wima isomwayo na mashine ya mwenye duka. Aghalabu kibandiko hicho hubandikwa juu ya maandishi ya mtengenezaji. Pakiti ikipigwa picha, kibandiko huonekana, na maandishi yaliyo chini yake hayaonekani. Je, yawezekana kukiondoa kibandiko katika picha na kuyarudisha maandishi yale? Makala haya yaeleza ni lini yawezekana, kwa njia gani, na ni lini anayedai kuyarudisha huwa anayabuni tu.

Mfano wa pakiti ya dawa

Ichukuliwe kwamba mwalimu wa kemia anatayarisha somo juu ya michanganyiko. Anayo picha ya pakiti ya ORS, ile dawa ya unga inayokorogwa katika lita moja ya maji na kunyweshwa mgonjwa wa kuhara. Pakiti yenyewe imekwisha tumika na kutupwa. Imebaki picha tu. Kwenye lebo yasomeka hivi: glukosi gramu 13.5, kloridi ya potasiamu gramu 1.5, sitrati ya sodiamu gramu 2.9, jumla gramu 20.5. Mstari wa kwanza, ule wa kloridi ya sodiamu, ambayo ndiyo chumvi ya mezani, umefunikwa na kibandiko mahali penye tarakimu. Mwalimu anataka kuibandika picha hiyo ukutani, wanafunzi waisome. Tarakimu itakayowekwa pale itaaminiwa.

Kama pakiti ingalikuwapo, njia bora isingehusu picha kabisa. Kibandiko kingepashwa hewa ya moto ya kukaushia nywele, gundi ikalainika, kikabanduliwa polepole kuanzia pembeni, kisha pakiti ikapigwa picha upya. Yanayofuata ni kwa ajili ya yule aliyebakiwa na picha peke yake.

Kujaza kutokana na majirani

Picha ya simu au kamera ya kisasa ni jedwali la nukta ndogo ziitwazo pikseli. Katika picha isiyo na rangi, kila pikseli ni namba kati ya 0, ambayo ni nyeusi kabisa, na 255, ambayo ni nyeupe kabisa. Kibandiko kisichopitisha mwanga hukata habari yote iliyo chini yake: namba zilizomo katika jedwali ni za kibandiko, wala hakuna chembe ya maandishi iliyojificha nyuma yake.

Mwaka 2000 Marcelo Bertalmío na wenzake walichapisha njia ya kujaza pengo la picha kwa kutumia sehemu zinazolizunguka, wakifuata mfano wa mafundi wanaokarabati michoro ya kale iliyobanduka rangi. Mwaka 2004 Alexandru Telea alitoa njia nyingine ya jamii hiyo, yenye kasi zaidi. Wazo lake laweza kuonyeshwa kwa hesabu nyepesi. Mstari wa pikseli una namba 200, ?, ?, ?, 240. Kila pikseli isiyojulikana ikipewa wastani wa majirani zake wawili, jibu huwa 210, 220, 230. Karatasi iliyokolea upande mmoja na kufifia upande wa pili hujazwa vizuri, na jicho halitambui kitu.

Sasa na ujaribiwe mstari unaokata herufi. Karatasi ni 230 na wino ni 40. Mstari wa kweli ulikuwa 230, 40, 230, 40, 40, 230, na pikseli nne za katikati zimefunikwa. Majirani wanaoonekana ni 230 na 230; kwa hiyo zote nne zitajazwa 230. Herufi imetoweka na mahali pake pamebaki karatasi tupu. Njia hii basi hufaa pale tu ambapo kibandiko kimefunika sehemu isiyo na maandishi.

Kunakili vipande: hatari ya jibu zuri lisilo kweli

Njia ya pili, iliyoelezwa na Antonio Criminisi na wenzake mwaka 2004, haitafuti wastani. Huchukua kipande kidogo kwenye ukingo wa pengo, hutafuta mahali pengine katika picha palipo na kipande kinachofanana nacho, kisha hunakili. Hurudisha vyema nyasi, matofali au nakshi inayojirudia.

Kwenye lebo ya dawa njia hii ni ya hatari. Pembeni mwa pengo pameonekana karatasi nyeupe na neno “g”. Kipande kinachofanana zaidi huenda kikatoka katika mstari wa glukosi, ulioandikwa “13.5 g”. Kikinakiliwa bila ile tarakimu ya kwanza, mstari wa chumvi utasomeka “3.5 g”. Herufi zitakuwa za chapa ileile, za wino uleule, zimekaa sawasawa katika mstari, na hakuna jicho litakaloshuku.

Kosa hilo lina sababu ya pili ya kuaminiwa. ORS ya zamani kweli ilikuwa na gramu 3.5 za chumvi, lakini pamoja na gramu 20 za glukosi. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitangaza fomula mpya yenye chumvi gramu 2.6 na glukosi gramu 13.5. Kwa hiyo anayejaza pengo kwa kukumbuka kitabu cha zamani naye ataandika 3.5, na lebo itaonyesha mchanganyiko ambao si wa fomula ya zamani wala wa fomula ya sasa.

Hapa lebo yenyewe yatoa ushahidi. Jumla iliyochapwa ni gramu 20.5. Ukiondoa 13.5, 1.5 na 2.9, inabaki 2.6. Tarakimu iliyofichwa imejulikana kwa hesabu, wala si kwa kubahatisha. Lakini kujua tarakimu si sawa na kuirudisha ilivyochapwa. Kwa hilo inatakiwa pakiti ya pili.

Kuchukua maandishi kutoka pakiti ya pili

Picha yenye kibandiko na iitwe A. Hutafutwa pakiti nyingine ya mtengenezaji yuleyule na ya chapa ileile, isiyo na kibandiko mahali hapo, nayo hupigwa picha B. Kwanza maandishi yanayoonekana katika zote mbili hulinganishwa neno kwa neno. Yakitofautiana, pakiti hiyo haifai. Picha B ipigwe kwa nukta za kutosha. Upana wa pakiti wa milimita 100 ukichukua pikseli 2000, kila milimita ina pikseli 20, na herufi ya milimita 2 itakuwa na pikseli 40, ambazo zatosha kusomeka bila shaka.

Picha hizo mbili hazikupigwa kutoka pembe moja, hivyo B haina budi kunyooshwa ilingane na A. Uso ulio bapa ukitazamwa kutoka mahali pawili, uhusiano wa picha hizo una namba nane zisizojulikana. Kila nukta inayotambulika katika picha zote mbili hutoa milinganyo miwili. Kwa hiyo nukta nne zatosha, mradi tatu kati yake zisiwe katika mstari mmoja ulionyooka. Ni afadhali kuchagua pembe za fremu iliyochapwa kuliko pembe za pakiti, kwa sababu mashine haikati kila pakiti mahali palepale.

Hutengenezwa pia ramani ya kibandiko: picha ya ukubwa wa A, nyeupe mahali pa kibandiko na nyeusi penginepo. Eneo jeupe lizidi kibandiko kwa pikseli 3 hadi 5 kila upande, kwani ukingo wa karatasi huacha kivuli chembamba ambacho kikisahauliwa hubaki kama mstari wa kijivu. Baada ya hayo, kwa lugha ya Python na maktaba ya OpenCV, kazi yenyewe ni fupi:

```python
import cv2
import numpy as np

A = cv2.imread("A.png")
B = cv2.imread("B.png")
ramani = cv2.imread("ramani.png", 0)

pB = np.float32([[212,180],[1890,205],[1874,1310],[198,1288]])
pA = np.float32([[150,240],[1802,190],[1840,1275],[176,1340]])

H = cv2.getPerspectiveTransform(pB, pA)
h, w = A.shape[:2]
B2 = cv2.warpPerspective(B, H, (w, h))
A[ramani > 127] = B2[ramani > 127]
cv2.imwrite("C.png", A)
```

Namba za pB na pA ni mahali pa zile pembe nne katika kila picha, zikifuatana kwa mpangilio mmoja. Mpangilio ukibadilika, picha hujikunja au hugeuka kichwa chini, na kosa huonekana mara moja.

Kiraka kikionekana cheusi kuliko jirani zake, mwanga haukuwa sawa. Hupimwa wastani wa karatasi tupu kando ya kibandiko. Ukiwa 210 katika A na 190 katika B2, pikseli za B2 huzidishwa kwa 210/190, yaani takriban 1.11, kabla ya kunakiliwa.

Kupima kazi

Kipimo cha kwanza ni kutoa B2 katika A nje ya eneo la kibandiko. Picha zikilingana, matokeo huwa karibu meusi kote. Herufi zikionekana zina kingo maradufu, nukta nne zilichaguliwa vibaya, au uso haukuwa bapa. Chupa na kopo havinyooshwi kwa nukta nne, kwa kuwa uso wake umepinda.

Kipimo cha pili ni kufunika kwa makusudi mstari unaojulikana, mathalani ule wa kloridi ya potasiamu, kuurudisha kwa njia ileile, kisha kuulinganisha na asili. Njia isiyoweza kurudisha kinachojulikana haistahili kuaminiwa kwa kisichojulikana.

Uko mpaka mmoja usiovukwa hata kwa kazi safi kabisa. Pakiti ya pili hutoa yale tu yaliyo sawa katika pakiti zote. Namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi hupigwa kwa kila toleo peke yake. Kuyahamisha kutoka B kwenda A ni kuipa dawa tarehe isiyo yake. Yakiwa chini ya kibandiko, eneo hilo huachwa la kijivu, na chini ya picha huandikwa: “Sehemu hii ilifunikwa.” Hali kadhalika, chini ya picha ya mwalimu wetu wa kemia yafaa iandikwe kwamba mstari wa chumvi umechukuliwa kutoka pakiti nyingine ya chapa hiyo, na kwamba jumla ya gramu 20.5 imeuthibitisha.

Mazoezi

1. Jaza kwa wastani wa majirani: 180, ?, ?, ?, ?, ?, 240. Je, herufi iliyokuwa katikati ingeonekana?

2. Kwenye lebo ya mfano, tarakimu ya chumvi imejazwa 3.5. Tafuta jumla mpya na ueleze jinsi kosa linavyojitambulisha. Je, lingejitambulisha kama jumla nayo ingefunikwa?

3. Eleza kwa nini nukta tatu hazitoshi kunyoosha picha B ilingane na A.