BARUA RASMI: Kuomba kuahirisha masomo bila kupoteza ufadhili

Barua rasmi huandikwa kwa ajili ya shughuli za kiofisi. Katika somo hili utajifunza aina moja inayowasumbua watahiniwa: barua yenye maombi mawili yanayotegemeana.

Swali

Wewe ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uhandisi, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Masomo yako ya miaka minne yanalipiwa na ufadhili wa Samia, unaotolewa na serikali tangu mwaka wa masomo 2022/2023 kwa waliofaulu vizuri sana masomo ya sayansi Kidato cha Sita. Umevunjika mguu na huwezi kuendelea mwaka huu. Andika barua kwa mfadhili. Jina lako liwe Subira Tumaini.

Kabla ya kuandika

Jiulize nani anaamua nini. Chuo ndicho kinachotoa ruhusa ya kuahirisha masomo. Mfadhili ndiye anayeamua kuhusu fedha. Ukimwandikia mfadhili kabla ya kupata ruhusa ya chuo, atakurudisha chuoni. Ukiondoka na ruhusa ya chuo pekee, mfadhili ataona tu kwamba hukusajiliwa, na huenda akakuhesabu kuwa umeacha masomo. Kwa hiyo anza na chuo, kisha ambatisha ruhusa hiyo kwenye barua ya mfadhili.

Jibu la mfano

(Upande wa kulia)
Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya,
S.L.P. 131,
MBEYA.
16 Desemba, 2024.

(Upande wa kushoto)
Mkurugenzi Mtendaji,
Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu,
S.L.P. 76068,
DAR ES SALAAM.

Kupitia: Afisa Mikopo wa Chuo.

Ndugu,

YAH: OMBI LA KUAHIRISHA MASOMO KWA MWAKA MMOJA NA KUHIFADHIWA UFADHILI

Tafadhali rejea kichwa cha barua hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uhandisi, na ninanufaika na ufadhili wa Samia tangu mwaka wa masomo 2023/2024.

Tarehe 2 Desemba, 2024 nilipata ajali ya pikipiki na kuvunjika paja. Nilitibiwa katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na daktari amenielekeza nipumzike kwa miezi sita. Nitauguzwa nyumbani Kilolo, mkoani Iringa. Kwa kuwa nitakosa mitihani ya muhula huu, ambao hufundishwa mara moja kwa mwaka, Chuo kimeniruhusu kuahirisha masomo hadi mwanzo wa mwaka wa masomo 2025/2026.

Kwa barua hii ninaomba malipo yangu yasimamishwe kwa kipindi hicho, na yaendelee nitakaporejea, ili ufadhili uliopaswa kuisha mwaka 2027 uishe mwaka 2028. Nimekwisha kupokea malipo ya kwanza ya chakula na malazi ya mwaka huu. Ninaomba maelekezo kuhusu fedha hiyo.

Nimeambatisha ripoti ya daktari na barua ya ruhusa ya Chuo. Nitakuarifu kwa maandishi mara nitakaposajiliwa tena.

Wako mtiifu,
(sahihi)
Subira Tumaini.

Ufafanuzi

*Kitenzi.* Watahiniwa wengi huandika "naomba kuacha masomo kwa muda". Kuacha ni kukoma, na anayekoma hana sababu ya kuhifadhiwa fedha. Wengine huandika "nimesimamishwa masomo", maneno yanayomfanya msomaji afikirie adhabu. Kuahirisha ni kusogeza jambo mbele, na ndivyo Subira anavyotaka. Kinachosimamishwa ni malipo, si mwanafunzi.

*Muda.* "Nitarudi nikipona" haimsaidii mtu anayepanga bajeti. Subira anataja mwaka wa kurejea na mwaka mpya wa kumaliza. Angalia pia kwamba daktari amesema miezi sita, lakini Subira ameomba mwaka mzima na kueleza kwa nini. Bila maelezo hayo, msomaji angeona hesabu zimepingana.

*Fedha iliyopokelewa.* Usiifiche. Mfadhili ana kumbukumbu zake, na ukimya wako ungetia shaka barua nzima.

*Urefu wa maelezo.* Ajali imeelezwa kwa sentensi moja. Kusimulia dereva alivyokuwa akikimbia kungefaa katika barua ya kirafiki.

Zoezi

1. Sahihisha: "Naomba niache chuo kidogo ila hela yangu msiikate."
2. Mwaka wa masomo 2025/2026 umeanza na umesajiliwa tena. Ukiwa Subira Tumaini, mwandikie mfadhili kumwarifu kwamba umerejea, na umwombe aendeleze malipo. Taja barua yako ya 16 Desemba, 2024 katika aya ya kwanza.