Kufundisha Muhtasari wa Chaneli kwa Mwezi kwa Kutumia Jedwali la Kompyuta

Makala haya yanakusudia kumsaidia mkufunzi anayewaongoza wanachuo wenye chaneli ya masomo katika YouTube. Aghalabu wanachuo hutazama jumla ya mwezi, wakailinganisha na ya mwezi uliotangulia, kisha wakatoa uamuzi. Tutaonyesha kwamba jumla peke yake yaweza kuwapotosha.

Tuchukue mfano wa zoezi. Kikundi kilibadilisha picha za jalada za video zake mwanzoni mwa Machi 2025. Februari video zilitazamwa mara 8,400, na Machi mara 8,990. Kikundi kinataka kubadilisha picha za video zote za zamani, kwa hoja kwamba mtindo mpya umefaulu. Je, hoja hiyo ni sahihi?

Hatua ya kwanza: Kupata takwimu

Katika YouTube Studio, mwanachuo afungue Analytics, kisha Advanced mode. Achague miezi iliyokamilika tu, na mpangilio wa Date ili kila siku iwe na mstari wake. Takwimu za siku za mwisho huchelewa siku mbili tatu. Kwa hiyo ni vema kungoja hadi tarehe 5 hivi ya mwezi unaofuata. Alama ya kupakua humpatia faili la .zip, na ndani yake mna Table data.csv. Alifungue katika jedwali na kuliita ukurasa wa Data. Safu azipange hivi: A tarehe, B mara za kutazamwa, C mara ambazo picha ya jalada ilionyeshwa, D asilimia ya walioibofya.

Mkufunzi atahadharishe kuwa mstari wa 2 ni wa Total, si wa siku. Anayejumlisha safu nzima hupata maradufu ya hesabu ya kweli. Mstari huo usifutwe, kwani utatufaa katika kusahihisha.

Hatua ya pili: Kujenga muhtasari

Katika ukurasa mwingine, A2 iandikwe 2025-02-01, na A3 iwe =EDATE(A2,1). Katika B2 ziingie mara za kutazamwa, na katika C2 idadi ya siku:

```
=SUMIFS(Data!B:B,Data!A:A,">="&A2,Data!A:A,"<"&EDATE(A2,1))
=COUNTIFS(Data!A:A,">="&A2,Data!A:A,"<"&EDATE(A2,1))
```

Katika D2 iandikwe =B2/C2, kisha kanuni zote zivutwe chini. Jibu likiwa 0, yaelekea tarehe zimeingia kama maneno. Mwanachuo apime kwa =ISNUMBER(Data!A3), akipata FALSE, abadilishe safu hiyo iwe ya tarehe. Mwisho, jumla ya safu B ya muhtasari ilingane na mstari wa Total. Isipolingana, kuna siku zilizoachwa.

Sasa turudi kwenye mfano wetu. Februari ilikuwa na siku 28, yaani mara 300 kwa siku. Machi ilikuwa na siku 31, yaani mara 290. Ongezeko lililowafurahisha wanachuo lilitokana na siku tatu za ziada. Kwa sababu hiyo grafu ichorwe kwa safu D, si B.

Hatua ya tatu: Asilimia

Hapa ndipo wanachuo wengi hukosea. Ili kupima picha za jalada, huchukua asilimia za kila siku na kutafuta wastani wake. Tuseme siku moja picha zilionyeshwa mara 1,000 na asilimia 8 ikabofya. Siku ya pili zilionyeshwa mara 9,000 na asilimia 2 ikabofya. Wastani wa 8 na 2 ni 5. Lakini mibofyo ni 80 na 180, jumla 260 kati ya 10,000, yaani asilimia 2.6 tu.

Basi katika E3 ya Data iandikwe =C3*D3/100, ivutwe hadi siku ya mwisho. Mibofyo ya mwezi ijumlishwe kwa SUMIFS, igawanywe kwa jumla ya safu C ya mwezi huohuo, kisha izidishwe kwa 100. Mara za kutazamwa zisitumiwe badala ya mibofyo, maana watazamaji wengine hufika kwa viungo vya nje bila kuiona picha ya jalada.

Zoezi

Wanachuo wakamilishe muhtasari wa miezi sita, kisha kila kikundi kieleze kama asilimia ya mibofyo ilipanda baada ya badiliko. Hata ikipanda, mkufunzi awaulize ni jambo gani jingine lililobadilika mwezi huo: mada, idadi ya video, au majira ya mitihani. Jedwali laonyesha lini mambo yalibadilika. Sababu yake sharti itafutwe na mwanachuo mwenyewe.