Nani Alikuwa Waziri Mkuu wa Kwanza wa Uganda? Somo la Kuandika Dondoo za 9 Oktoba

Mwaka jana niliendesha chemsha bongo ya Siku ya Uhuru kwa wanafunzi wenzetu. Swali la mwisho lilikuwa: "Nani alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda?" Dada mmoja wa mwaka wa kwanza akajibu, "Benedicto Kiwanuka." Karatasi yangu ilikuwa na jina la Milton Obote, basi nikamnyima alama, na kundi lake likashindwa kwa alama hiyo moja. Nilipokwenda kusoma vizuri nikaona kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Nilimwomba radhi, lakini zawadi ilikuwa imeshakwenda kwingine.

Mambo yalikuwa hivi. Uchaguzi wa Machi 1961, ambao sehemu kubwa ya Buganda iliususia, ulishindwa na chama cha DP. Kiongozi wake, Kiwanuka, akawa waziri kiongozi. Tarehe 1 Machi 1962 Uganda ilipata serikali ya ndani, na siku hiyo Kiwanuka akawa waziri mkuu, nchi ikiwa bado chini ya Waingereza. Mwezi wa Aprili ukafanyika uchaguzi mwingine. Chama cha UPC cha Obote kiliungana na Kabaka Yekka, na Obote akashika uwaziri mkuu. Yeye ndiye aliyeuongoza mpaka uhuru, 9 Oktoba 1962.

Kwa hiyo kosa lilikuwa kwenye swali langu. Nilitaka kuuliza habari za siku ya uhuru, nikaandika "wa kwanza" bila kutaja siku. Tangu hapo kila dondoo naipima hivi: je, mtu anayeijua historia anaweza kutoa jibu jingine ambalo nalo ni kweli? Akiweza, swali halijakamilika. Dawa yake ni kutaja cheo kamili na tarehe: "Nani alikuwa waziri mkuu Uganda ilipopata uhuru, 9 Oktoba 1962?" Hapo jibu ni moja tu, Obote.

Mtego wa pili uko kwenye urais. Wengi huandika kwamba Obote alikuwa rais tangu 1962. Mwaka huu, kwenye ubao wetu wa matangazo, nimeliandika hivi:

"Je, wajua? Siku Uganda ilipopata uhuru haikuwa na rais. Kwa mwaka mzima mkuu wa nchi aliendelea kuwa Malkia Elizabeth wa Pili, akiwakilishwa na gavana mkuu, Sir Walter Coutts. Rais wa kwanza, Kabaka Mutesa wa Pili, alishika cheo hicho 9 Oktoba 1963."

Angalieni mpangilio wake. Sentensi ya kwanza inamshtua msomaji, ya pili inamweleza, ya tatu inampa jina na tarehe ya kushika. Nilitamani kuongeza kwamba Mutesa aliondolewa mwaka 1966 na Obote akawa rais, nikaacha. Hiyo ni habari nyingine, na ukiibana katika mstari mmoja msomaji atadhani Mutesa alishindwa uchaguzi. Ukweli ni kwamba Obote aliisimamisha katiba kwanza. Dondoo moja ibebe jambo moja. Hilo la 1966 lipewe siku yake.

Nyingine ni ya bendera:

"Je, wajua? Bendera ya Uganda ingeweza kuwa ya kijani, njano na buluu. Huo ndio uliokuwa mchoro wa wakati wa serikali ya DP. UPC ilipoingia madarakani mwaka 1962 uliachwa, ikachukuliwa bendera ya Grace Ibingira yenye milia sita ya nyeusi, njano na nyekundu. Korongo mwenye taji yumo katika michoro yote miwili."

Hapa palikuwa na hatari ndogo. Mtu akisoma "Grace" atadhani ni mwanamke. Ibingira alikuwa mwanamume, mwanasiasa wa UPC. Kwa kuwa Kiswahili husema "yeye" kwa wote wawili, dondoo haikusema uongo, lakini anayeisoma kwa sauti mbele ya watu anaweza kuongeza "mama huyu". Nimeirekebisha iwe "bendera iliyobuniwa na Bwana Grace Ibingira".

Mwaka huu swali la waziri mkuu limerudi, likiwa na tarehe yake. Nimemwomba dada yule aisome karatasi yangu yote kabla ya shindano. Amelirudisha swali moja: "Nani alikuwa gavana wa mwisho?" Kando yake ameandika kwa kalamu nyekundu, "Gavana, au gavana mkuu?" Coutts alishika vyeo vyote viwili, cha pili akikianza siku ya uhuru yenyewe. Jina ni lile lile, lakini nimelirekebisha.