Sungura wa kanzu kwenye kichochoro cha kweli

Mteja aliitazama picha kwenye simu yangu, akanirudishia. "Mbona kama stika?" Kisha akaichukua tena, akaikuza kwa vidole viwili. "Halafu sungura wako anakunywa kwa mkono wa kushoto."

Yote mawili yalikuwa kweli, na yalitokana na kosa moja. Kazi ilikuwa tangazo la kahawa. Nilikuwa nimepiga picha kichochoroni Mji Mkongwe, Zanzibar, saa kumi alasiri: dele la kahawa juu ya jiko la mkaa, vikombe, baraza, na upande wa kulia ukuta wa chokaa uliojaa jua. Sungura wa kanzu na kofia nilikuwa nimeshamchora kwa wino siku mbili kabla, nikimtilia mwanga kutoka kulia kwa sababu tu taa ya mezani kwangu iko kulia. Kwenye picha jua lilikuwa kushoto. Nikaona njia ya mkato: nikamgeuza kama kwenye kioo. Mwanga ukakaa sawa, kikombe kikahamia mkono wa kushoto.

Tangu siku hiyo nachora baada ya kupata picha. Naiweka picha kwenye skrini mbele yangu, ndipo nashika kalamu.

Cha kwanza kupata ni urefu wa mhusika. Watu wengi humkuza na kumpunguza kwa macho mpaka "apendeze", na ndiyo maana wahusika wengi huonekana wanaelea. Tafuta mstari wa upeo wa macho. Mimi nilifuata ukingo wa baraza na vizingiti vya juu vya milango vinavyokwenda mbali, nikairefusha mistari hiyo mpaka ikakutana, na kimo cha makutano yao ndicho kimo cha upeo. Kimo hicho ni sawa na kimo cha kamera. Simu niliishika kifuani, kama mita 1.4 kutoka chini, kwa hiyo kwenye sakafu tambarare kila kitu chenye urefu wa sentimita 70 kitafika nusu ya safari kutoka sakafuni hadi upeo, kiwe karibu au mbali. Pale kando ya dele, kutoka sakafuni hadi upeo zilikuwa pikseli 1400. Nilitaka sungura wa sentimita 70 pamoja na masikio, basi awe na pikseli 700. Bahati nzuri, pikseli moja ikawa milimita moja, na hesabu zote zilizofuata zikawa nyepesi.

Urefu huo unaamua pia unene wa kalamu. Nilimchora upya kwa urefu wa sentimita 18 nikamskani kwa dpi 300, ambayo ni zaidi kidogo ya pikseli 2100. Kumfikisha 700 ni kumpunguza mara tatu. Mstari wa milimita 0.7 unabaki karibu pikseli 3, na huo unatosha. Mistari ya milimita 0.2 niliyokuwa nikijivunia kwenye masharubu inashuka chini ya pikseli moja na kuwa ukungu wa kijivu. Nikairudia kwa nibu nene.

Sasa mwanga, ambao ndio uliokula muda wangu mwingi. Kosa langu la zamani lilikuwa kutia kivuli kwa rangi nyeusi iliyopunguzwa nguvu. Lakini kivuli cha alasiri hakina weusi huo. Mahali jua lisipofika, anga bado linaangaza, na anga ni la buluu. Badala ya kukisia, niliipima picha yenyewe. Natumia GIMP. Kifaa cha `Color Picker` kikiwekewa `Sample average` kinachukua wastani wa eneo dogo, si pikseli moja inayoweza kukudanganya. Sakafu ya saruji kwenye jua ilisoma 214, 190, 156 kwa nyekundu, kijani na buluu. Sakafu hiyohiyo ndani ya kivuli cha dele ilisoma 104, 100, 98. Gawanya kivuli kwa jua, kisha zidisha kwa 255:

```
104 / 214 x 255 = 124
100 / 190 x 255 = 134
 98 / 156 x 255 = 160
```

Jibu ni 124, 134, 160, kijivu chenye ububuluu. Ukiijaza rangi hiyo kwenye leya yenye modi ya `Multiply` juu ya sakafu yenye jua, unapata kivuli kilekile ambacho dele limekitupa. Na rangi hiyohiyo ndiyo niliyoitumia upande wa mwili wa sungura ulioupa jua mgongo. Kivuli cha sakafuni na kivuli cha kanzu vikitoka kwenye kipimo kimoja, jicho linakubali kwamba vitu viwili vimesimama chini ya jua moja.

Upande wenye jua nao haukuachwa. Kanzu niliyoipaka nyeupe ya 255 ilikuwa nyeupe kuliko kitu chochote pale kichochoroni. Chokaa kwenye jua ilisoma 248, 236, 212, basi nikaweka leya nyingine ya `Multiply` ya rangi hiyo juu ya upande huo. Kisha nikatafakari ule ukuta wa kulia. Umejaa jua, kwa hiyo lazima uirudishie mwanga sehemu ya kanzu iliyo kivulini. Nikapunguza kivuli kwenye ukanda mwembamba wa mgongo na nyuma ya sikio la kulia, nikautia umanjano kidogo. Ukanda wenyewe haukuzidi pikseli 20, lakini ndio uliomfanya awe na unene.

Haya si mambo mapya. Katika filamu ya *Who Framed Roger Rabbit* ya mwaka 1988, wahusika walichorwa kwa mkono, na vivuli na ming'ao yao vikatengenezwa mbali kama tabaka za peke yake, ndipo vikaunganishwa na picha ya kamera. Kuna mahali taa ya kuning'inia inagongwa na kuanza kuyumba, na kivuli cha sungura kinayumba nayo, fremu kwa fremu. Mimi nilikuwa na fremu moja tu, kwa hiyo sikuwa na haki ya kulalamika.

Kivuli cha sakafuni kina urefu wake. Dele na jiko lake vilikuwa na urefu wa pikseli 400, na kivuli chao, kilicholala kuelekea kulia bila kwenda mbali wala kuja karibu, kilikuwa na 600. Uwiano ni moja na nusu, hivyo sungura wa 700 alistahili kivuli cha 1050. Nilinakili umbo lake lote, masikio na yote, nikalijaza rangi ile, nikalibana kimo kwa `Scale` mpaka likawa bapa, kisha nikalilaza kwa `Shear` mpaka likafika hapo. Kingo zake zisiwe na ukali mmoja. Jua angani lina upana wa kama nusu nyuzi, na kwa hiyo ukingo wa kivuli hulegea kadiri unavyokwenda mbali na kinachokitupa: karibu sehemu moja ya mia ya umbali ule. Miguuni ni mkali kabisa. Kwenye ncha za masikio mwanga umesafiri zaidi ya mita moja, kwa hiyo ulegevu ni kama sentimita moja, pikseli 10 na kidogo. Nilitia `Gaussian Blur` kwenye nakala ya kivuli, nikaifichua polepole kwa maski kuelekea masikioni. Halafu chini kabisa ya nyayo, pale hata mwanga wa anga haupenyi, niliongeza ufito mweusi zaidi wa pikseli tano sita. Ukiusahau huo, hata kivuli kizuri hakimshushi chini.

Hapo tayari alikuwa amesimama, lakini bado ni stika. Sababu ilikuwa mistari.

Wino wa kwenye skani ulikuwa 0, 0, 0. Sehemu yenye giza kuliko zote karibu na sungura, mdomo wa jiko, ilisoma 38, 32, 30. Yaani mhusika wangu alikuwa na weusi ambao kamera haikuuona popote, kana kwamba amesimama mbele ya kioo cha skrini. Mistari yangu ilikuwa kwenye leya yake, karatasi nyeupe ikiwa imeshaondolewa kwa `Color to Alpha`. (Usiikate kwa kuchagua rangi nyeupe. Utaachiwa uzi mweupe kuzunguka mwili mzima, na utakesha ukiufuta.) Nikawasha `Lock alpha channel`, ili brashi iguse wino tu, nikaipaka mistari upya. Upande wa kivuli ilipata ile 38, 32, 30. Upande wa jua ikawa kahawia iliyokolea. Mstari wa nje unaopakana na ukuta mweupe niliufifisha zaidi, kwa sababu hata kwenye picha ya kweli mwanga mkali huula ukingo. Sikuufuta. Ukiufuta hana ukatuni tena, na mteja alilipia katuni.

Kisha ukali. Nilikuza ukingo wa dele kwa 400%: kutoka giza hadi mwanga ulichukua pikseli mbili au tatu. Mstari wangu ulivuka kwa pikseli moja. Ukungu wa 0.7 ukamaliza ugomvi.

Chenga nazo ndizo za mwisho, na zina mtego. Nilianza na `RGB Noise`, nikapata sungura aliyemwagiwa mchanga. Chenga za simu si za pikseli mojamoja, kwa kuwa simu yenyewe imeshazilainisha, zikabaki mabaka ya pikseli mbili tatu, mengi zaidi kivulini. Dawa ni kuzichukua kutoka kwenye simu ileile. Ukuta wa chokaa haufai, maana utabeba na mikwaruzo yake. Nilikuwa nimepiga kwa simu ileile picha ya karatasi nyeupe, nusu juani na nusu kivulini, nje ya fokasi makusudi. Ninaifungua, nainakili leya, nakala naitia ukungu wa pikseli 6 na kuipa modi ya `Grain extract`. Kinachobaki ni kijivu chenye chenga tupu. Nachukua `New from Visible`, naihamishia juu ya sungura kwa modi ya `Grain merge`, za juani juani, za kivulini kivulini. Usimpunguze tena peke yake baada ya hapo, la sivyo chenga zake zitakuwa ndogo kuliko za jirani yake.

Kupima, natengeneza nakala ya picha nzima, naivuta `Curves` mpaka inatisha, naangalia, kisha naitupa. Weusi uliozidi, uzi mweupe, sehemu isiyo na chenga, vyote hujitokeza kwa pamoja. Safari hii lilijitokeza moja: ndani ya macho nilikuwa nimesahau weupe wa 255.

Mteja alipoletewa ya pili hakutaja stika. Alitaka kofia iwe ya kijani. Kwa kuwa rangi zilikuwa leya ya chini, na kivuli, joto la jua, mistari na chenga viko juu yake, nilimwaga kijani mahali pa kofia, nikamrudishia simu kabla kahawa haijapoa.