Kupanga Somo la Nje kwa Utabiri wa Mvua Katika Simu

Madhumuni. Baada ya somo hili mwanachuo aweze kuitayarisha programu ya hali ya hewa katika simu yake, na kwa kuitazama aamue darasa litoke nje saa ngapi na lirejee lini.

Mfano wetu. Tuchukue shule moja ya msingi mjini Mwanza. Mwezi Machi, mwalimu wa Darasa la Tano ataka kuwapeleka wanafunzi ufukwe wa Igombe wajifunze juu ya uvuvi. Njia ni ya wazi, na huko ufukweni hakuna jengo la kutosha kuwakinga watoto arobaini na radi.

Hatua ya kwanza: mahali. Mwalimu anapoandika "Mwanza" katika nafasi ya kutafutia, asiguse jina la kwanza linalotokea. Iko Mwanza nyingine nchini Malawi. Mwanachuo wangu mmoja aliihifadhi hiyo, akashangaa juma zima kwa nini simu yasema jua nasi tumelowa. Njia ya kuhakikisha ni rahisi: fungua ramani ya programu, na ziwa lionekane kando ya alama. Mwanza yetu iko karibu nyuzi 2.5 kusini mwa Ikweta. Ile ya Malawi iko zaidi ya nyuzi 15.

Kisha hifadhi mahali pawili, si pamoja: shuleni na Igombe. Ongeza na Nansio, Ukerewe, ili uone hali ya ziwani. Sababu yake ni hii. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na pepo za nchi kavu huvuma kuelekea ziwani. Zikikutana huko, hewa hulazimika kupanda na mawingu ya radi hujengeka. Ndiyo maana ngurumo nyingi za ziwani hutokea usiku na alfajiri. Mchana mambo hugeuka: upepo hutoka ziwani, na mawingu hujengeka zaidi juu ya nchi kavu alasiri.

Hatua ya pili: saa. Chagua mpangilio wa saa 24, kwa kuwa "3:00" ya simu si saa 3 yetu. Kuanzia 07:00 hadi 18:00 toa sita: 09:00 ni saa 3 asubuhi, 14:00 ni saa 8 mchana. Kabla ya 07:00 ongeza sita: 05:00 ni saa 11 alfajiri.

Sasa tuseme jedwali la Igombe laonyesha hivi:

- 06:00: asilimia 50, milimita 2
- 09:00: asilimia 15, milimita 0.1
- 12:00: asilimia 20, milimita 0.2
- 15:00: asilimia 60, milimita 6

Asilimia 60 haina maana kwamba mvua itanyesha sehemu kubwa ya saa hiyo. Maana yake ni kwamba, katika saa kumi zilizotabiriwa hivyo, kama sita hupata mvua. Milimita hueleza wingi: milimita 1 ni lita 1 ya maji katika kila mita ya mraba. Mwalimu ataondoka saa 3 asubuhi na kuwa amerejea shuleni kabla ya saa 6 mchana, akiacha nafasi kubwa kabla ya alasiri.

Hatua ya tatu: arifa. Washa arifa za mvua kwa mahali pa Igombe, si kwa "mahali nilipo" peke yake. Halafu ingia Settings ya simu, chagua Apps, kisha jina la programu, na uruhusu Notifications. Katika Battery ya programu hiyo ondoa kizuizi, maana simu inayobana matumizi ya betri huilaza programu, na arifa hufika mvua imekwisha. Jaribio lake ni hili: mvua ikinyesha nawe hukuarifiwa, fungua programu. Ikiwa utabiri wa mvua ulikuwamo, kosa ni la mpangilio wa simu; ikiwa haukuwamo, kosa ni la utabiri.

Mipaka. Utabiri huu hukokotolewa kwa kuigawa nchi katika miraba yenye upana wa kilomita kadhaa. Wingu la radi laweza kuwa dogo kuliko mraba mmoja, kwa hiyo programu hujua kwamba siku hiyo radi zaelekea kutokea, lakini haijui kama itakuwa Igombe au Kisesa. Tena, arifa ya mvua haisemi neno juu ya upepo mkali unaotangulia mvua. Kwa hiyo, asubuhi ya safari soma pia tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Mkiwa ufukweni, ukiona wingu jeusi linapanda au upepo wa baridi ukaja ghafula, warejeshe watoto hata kama simu iko kimya. Ngurumo ikisikika, waingie ndani ya jengo. Wasijifiche chini ya mti.

Zoezi. Kwa siku saba, andika kila asubuhi utabiri wa saa 3, saa 6 na saa 9 mchana kwa mahali ulipo. Kando yake andika yaliyotokea. Ni saa ipi programu ilikosea mara nyingi zaidi, na sababu yaweza kuwa nini?