SOMO: BARUA YA KUOMBA BENKI IPANDISHE KIKOMO CHA KUHAMISHA FEDHA

Katika somo hili tutajifunza kuandika barua moja ya kazi. Ni barua ya kikundi kuiomba benki ipandishe kikomo cha kuhamisha fedha kwa siku, ili kikundi kimlipe muuzaji mmoja fedha nyingi kwa mara moja.

Tuchukue mfano. Kikundi cha wakulima kina duka la pembejeo. Kina akaunti ya biashara benki, na hulipa kwa simu: mhazini huandika malipo, mwenyekiti huyaidhinisha. Sasa msimu unakaribia. Kikundi kinataka mifuko 400 ya mbolea. Muuzaji wa mjini ametoa profoma, yaani hesabu ya bei kabla ya kuuza. Kila mfuko ni shilingi 70,000. Jumla ni shilingi 28,000,000. Profoma inasema bei hiyo itaisha tarehe 14 Novemba, na lori halipakiwi mpaka fedha zote ziwe zimeingia.

Lakini akaunti ya kikundi ina kikomo. Kwa siku moja haiwezi kutoa kwa simu zaidi ya shilingi 10,000,000. Fedha zimo, ila njia ni nyembamba.

Wengine watasema: "Si tulipe kidogo kidogo kwa siku tatu?" Inawezekana, lakini kila mara mtakatwa ada. Tena benki hutazama kwa jicho kali malipo yaliyogawanywa ili kukwepa kikomo. Wanaweza kuyasimamisha wakauliza maswali, na bei ikaisha huku mnajibu. Ni afadhali kuomba wazi.

Kikomo ni cha nini?

Kikomo ni komeo la mlango. Mwizi akipata simu na namba ya siri leo usiku, hawezi kuchukua zaidi ya kikomo cha siku ile. Kwa hiyo msiombe kikomo kipandishwe moja kwa moja. Ombeni kwa siku moja tu, kisha kirudi palepale.

Jueni pia kwamba mara nyingi vikomo ni viwili. Kimoja ni cha siku nzima. Cha pili ni cha muamala mmoja. Benki ikipandisha cha siku tu na kusahau cha muamala, malipo yenu yatakataliwa vilevile. Basi barua itaje vyote viwili.

Kiasi gani tuombe?

Mhazini wa mfano wetu alitaka kuandika 28,000,000 kamili. Lakini siku hiyohiyo kikundi kinalipa vibarua na nauli shilingi 600,000. Kikomo cha siku huhesabu malipo yote ya siku. 28,000,000 na 600,000 ni 28,600,000. Mhazini akiwalipa vibarua asubuhi, mbolea itakwama mchana. Kwa hiyo kikundi kiliomba 29,000,000 kwa siku, na 28,000,000 kwa muamala mmoja. Kumbukeni, kupandisha kikomo si mkopo. Ni lazima fedha ziwemo kwenye akaunti, pamoja na za ada.

Barua yenyewe

Kikundi cha ……………
S.L.P. ……………
3 Novemba 20…

Meneja wa Tawi,
Benki ya ……………
S.L.P. ……………

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA KUPANDISHA KIKOMO CHA KUHAMISHA FEDHA KWA SIKU MOJA, AKAUNTI NAMBA ……………

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Akaunti yetu ina kikomo cha kuhamisha shilingi 10,000,000 kwa siku kwa njia ya simu. Tunaomba kwa tarehe 12 Novemba 20… peke yake kikomo cha siku kiwe shilingi 29,000,000 (milioni ishirini na tisa), na cha muamala mmoja kiwe shilingi 28,000,000 (milioni ishirini na nane).

Fedha hizo ni za kununua mifuko 400 ya mbolea. Atakayelipwa ni ……………, akaunti namba ……………, Benki ya ……………. Profoma yake inaisha tarehe 14 Novemba.

Tunaomba kikomo kirudishwe kuwa shilingi 10,000,000 kuanzia tarehe 13 Novemba.

Tunaambatanisha profoma na muhtasari wa kikao kilichopitisha ununuzi huu. Kwa maswali, pigeni simu namba ……………, iliyo katika kumbukumbu zenu.

Wenu katika kazi,

(saini) Mwenyekiti   (saini) Katibu   (saini) Mhazini
Mhuri wa kikundi

Tuichunguze barua

Fedha zimeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Sifuri moja ikiongezwa au ikipungua, maneno yatasahihisha.

Saini ziwe za watu walewale walioandikishwa benki, na zifanane na zile walizoweka siku ya kufungua akaunti, kwa maana karani atazilinganisha. Kama mhazini amebadilishwa kwenye mkutano lakini benki haijaarifiwa, saini ya mhazini mpya haitakubaliwa. Malizeni jambo hilo kwanza.

Namba ya siri haiandikwi kwenye barua kamwe. Benki haiihitaji. Akitokea mtu akapiga simu akisema, "Tumepata barua yenu, tupeni namba ya siri tupandishe kikomo," huyo ni mwizi.

Barua imepelekwa tarehe 3, malipo ni tarehe 12. Mnakuwa na nafasi ya kurekebisha kama benki itataka fomu yao ijazwe. Pelekeni nakala mbili. Moja igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe, mrudi nayo. Hapohapo muulize: "Je, malipo haya tukiyafanya hapa tawini kwa fomu, kikomo cha simu kinatuhusu?" Mara nyingi kikomo cha simu hakihusu malipo ya dirishani. Kama watia saini wote wanaweza kufika siku hiyo, huenda barua isihitajike.

Siku ya kulipa

Kabla ya kutuma, mhakikishe namba ya akaunti ya muuzaji. Mpigieni kwa namba mnayoijua siku zote, si ile iliyo kwenye profoma. Matapeli hutengeneza profoma inayofanana na ya kweli, wakabadilisha namba ya akaunti na ya simu. Ukipiga namba yao, watakujibu, "Ndiyo, ni sisi." Tena malipo makubwa kati ya benki na benki hupita katika mfumo wa Benki Kuu uitwao TISS, ulioanza mwaka 2004. Yakishakamilika humo hayafutwi. Mtabaki kumwomba aliyepokea arudishe, na tapeli harudishi.

Malipo yakikataliwa, someni ujumbe kwenye simu. Ukitaja kikomo, bado hakijapandishwa, au kimepandishwa kimoja tu. Ukitaja salio, fedha hazitoshi. Msirudie rudie kubonyeza. Pigeni simu benki.

Tarehe 13, ulizeni benki kama kikomo kimerudi 10,000,000. Wakisema bado, pelekeni nakala ile yenye mhuri, kwani mlango uko wazi.

Maswali

1. Kwa nini kikundi kiliomba 29,000,000 na si 28,000,000?
2. Vikomo viwili vilivyotajwa katika barua ni vipi?
3. Kwa nini hatupigi namba ya simu iliyo kwenye profoma?
4. Kikundi kinataka kununua mabati 500, kila moja shilingi 32,000. Siku hiyo kinalipa pia mafundi shilingi 450,000. Kikomo chake ni 10,000,000. Andika barua kwa meneja wa tawi.